Kula kuponi au kuiacha izae: mimi, shemeji na milioni 5 zetu

Shemeji yangu ana bondi ya serikali ya miaka 20, mimi nina vipande, yaani sehemu yangu, kwenye mfuko wa pamoja ambao watu wengi wanachanga hela na meneja anaziwekeza. Wote tuliingia na milioni 5, mwaka ule ule, na kila baada ya miezi 6 kuponi yake, yaani riba ya bondi, ikigonga akaunti lazima anipigie. "Shem, mzigo umeingia. Wewe vipi, bado unaangalia namba tu kwenye simu?" Na kweli naangalia namba tu, sijawahi kula hata mia ya ile hela. Tukikaa kwenye sherehe za familia anawaambia watu kwamba yeye anawekeza ila mimi natunza picha ya hela.

Sasa watu wameanza kuniuliza lipi bora, nichukue riba yangu kila inapotoka au niiache ijumlishwe kwenye mtaji, ndo maana nimekaa niandike vizuri. Bondi yake halisi ina asilimia yake na mfuko wangu una yake, ila hapa nimewapa wote wawili 12 kwa mwaka kwa sababu nataka tulinganishe tabia mbili na sio bidhaa mbili. Pia kuponi inalipwa mara 2 kwa mwaka lakini nimehesabu kwa mwaka mzima isitusumbue. Na hiyo 12 sio ahadi ya mtu yeyote, mfuko unaweza kupata zaidi au pungufu.

Upande wa shemeji hesabu ni rahisi hata bila karatasi. Milioni 5 kwa 12 ni laki 6 kwa mwaka, anazichukua, mtaji unabaki milioni 5 pale pale, mwaka unaofuata laki 6 tena, mpaka mwaka wa 20 anaporudishiwa milioni 5 yake. Upande wangu mwaka wa kwanza napata laki 6 hizo hizo, sizichukui, kwa hiyo mwaka wa pili asilimia 12 inapigwa kwenye 5,600,000 na sio kwenye 5,000,000. Napata 672,000. Hapo ndo tofauti yetu yote ilipo, ile 72,000, yaani riba ya laki 6 nilizoziacha. Vitabuni hii kitu ina majina yake, mtaani tunaita riba juu ya riba.

Nimeweka pembeni kwa pembeni, na kwa shemeji nimemtendea haki kabisa, nimechukulia kwamba kila kuponi aliyopokea ameihifadhi chini ya godoro na hajatumia hata shilingi:

| Mwaka | Shemeji (anachukua) | Mimi (naacha) |
|---|---|---|
| 1 | 5,600,000 | 5,600,000 |
| 2 | 6,200,000 | 6,272,000 |
| 4 | 7,400,000 | 7,867,597 |
| 10 | 11,000,000 | 15,529,241 |
| 15 | 14,000,000 | 27,367,829 |
| 20 | 17,000,000 | 48,231,465 |

Ukitaka kuijaribu kwa namba zako, fungua Excel kwenye simu andika hivi, 5000000 ni mtaji, 1.12 ni asilimia 12, na 20 ni miaka:

```
=5000000*1.12^20
```

Angalia mwaka wa 4 hapo, ndo tulipo mimi na yeye sasa hivi. Miaka minne ya kujinyima nimemzidi kama laki 4 na 67 elfu hivi. Aisee hiyo ni simu moja ya kawaida tu. Yeye kwa miaka hiyo hiyo ameshapokea milioni 2 na laki 4 taslimu, amelipa ada, amepiga bati nyumba ya mama mkwe, na amekula maisha kidogo. Ukituangalia leo yeye ndo mwenye akili. Na hapa ndo watu wengi wanatoa hela zao, mwaka wa 3 au wa 4, wanaona kumbe hii riba juu ya riba ni maneno tu ya watu wa mifuko, wanachomoa wananunua bodaboda.

Kwa nini inatambaa hivi mwanzoni? Kwa sababu mwanzoni anayefanya kazi ni mtaji peke yake. Ile milioni 5 kila mwaka inaleta laki 6, haizidi haipungui, mwaka wa 1 laki 6 na mwaka wa 20 laki 6, hapo mimi na shemeji tuko sawa sawa. Kinachoongezeka kwangu ni mchango wa zile riba nilizoziacha, na riba zenyewe mwanzoni ni chache. Mwaka wa pili mtaji umeleta 600,000 na riba zilizolala zimeleta 72,000. Mwaka wa tatu mtaji 600,000 na riba zilizolala 152,640. Unaona mwenyewe, ni kama umemuajiri kibarua mmoja mkubwa na katoto kamoja kanakomsaidia kubeba ndoo, huwezi kusema katoto kanajenga nyumba.

Ila katoto kanakua. Mwaka wa 7 mtaji umeleta laki 6 yake ya kila mwaka na riba zilizolala zimeleta 584,294, wako karibu kulingana. Mwaka wa 8 mtaji 600,000 na riba zilizolala 726,409. Kuanzia hapo hela ambazo hukuziweka wewe ndo zinaleta kuliko zile ulizoziweka, na haurudi nyuma tena kama hujagusa. Mwaka wa 20 riba ya mwaka huo mmoja tu ni 5,167,657. Soma tena taratibu. Riba ya mwaka mmoja imezidi mtaji wote niliouweka siku ya kwanza, wakati shemeji mwaka huo huo anapokea laki 6 yake ile ile ya tangu tukiwa vijana.

Njia nyingine ya kuiona, na hii ndo mimi inayonikaa kichwani, ni kuhesabu mara ngapi hela inajidabo. Chukua 72 gawa kwa asilimia yako, unapata miaka ya kudabo kwa makadirio. 72 gawa kwa 12 ni 6. Kwa hiyo milioni 5 inakuwa kama 10 baada ya miaka 6, inakuwa kama 20 baada ya miaka 12, inakuwa kama 40 baada ya miaka 18. Kila hatua imechukua miaka 6 ile ile, haijaongeza mwendo hata kidogo, asilimia ni ile ile 12. Ila hatua ya kwanza imekuletea milioni 5, ya pili 10, ya tatu 20. Kwa hiyo ule mpando mkali watu wanaouona mwishoni sio kwamba kuna kitu kimebadilika huko ndani, ni ile ile asilimia 12 inapigwa kwenye fungu ambalo limeshakuwa kubwa.

Na hapo kuna kitu watu wanakihesabu vibaya sana. Mtu anasema nikichelewa kuanza miaka 6 si nimekosa tu ile milioni 5 ya mwanzo? Hapana ndugu yangu. Kama unahitaji hela tarehe fulani, tuseme ukistaafu, na umechelewa kuanza miaka 6, basi unafika ukiwa na miaka 14 badala ya 20. Miaka 14 ni milioni 24 na laki 4 hivi. Miaka 20 ni 48. Umekosa dabo ya mwisho, na dabo ya mwisho ndo kubwa kuliko zote.

Sasa turudi kwenye bondi na mfuko, maana hapa ndo uchaguzi wenyewe ulipo kwa mtu wa hapa Tanzania. Bondi ya serikali haizai riba juu ya riba yenyewe. Wengi hawalijui hili, wanaona neno miaka 20 na asilimia kubwa wanadhani hela inajikusanya huko Benki Kuu. Haijikusanyi, kuponi inatoka nje inaingia kwenye akaunti yako ya benki, na ikishaingia huko haizai kitu, ni wewe uirudishe kazini. Kuirudisha sasa ndo mtihani. Shemeji kuponi yake kwa hesabu yetu ni laki 3 kila miezi 6, na kiwango cha chini cha kununua bondi kwenye mnada ni milioni 1. Maana yake asubiri kuponi 4, miaka miwili, ndo afikishe 1,200,000 arudi mnadani, na muda wote huo hizo laki tatu tatu zimelala kwenye akaunti ya kawaida zikiangaliana na makato na kadi ya ATM. Mwenye bondi ya milioni 50 hili halimsumbui, kuponi moja tu inamvusha. Mwenye milioni 5 linamuumiza.

Alafu ukishafikisha hiyo milioni hupewi asilimia ya bondi yako ya zamani, unapewa ya siku hiyo. Waliokuwa wananunua za miaka 20 kwa 15.49 walikuta Aprili 2022 imeshushwa mpaka 12.10 kwa bondi mpya. Bondi yao ya zamani iliendelea kulipa 15.49 bila shida, ila kuponi walizotaka kuzizungusha zikaingia kwenye kiwango kipya. Faida ya bondi iko palepale na nisiifiche: kuponi unaijua kabla, na kwenye bondi za serikali za muda mrefu kama yake riba haikatwi kodi, wakati riba ya benki inakatwa asilimia 10.

Mfuko wa pamoja ni kinyume. Chukua Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni inayoendesha mifuko ya pamoja, haugawi gawio, faida inabaki ndani na bei ya kipande inapanda, hivyo riba juu ya riba inafanyika yenyewe hata ukiwa umelala au umesahau neno la siri. Kwenye Mfuko wao wa Hatifungani unachagua, kuna mpango wa kulipwa gawio na kuna mpango wa kuacha likuzwe, na huu ndo mfano safi kuliko wote kwa sababu mfuko ni ule ule, meneja yule yule, bondi zile zile ndani, ila watu wawili walioweka tiki sehemu tofauti kwenye fomu baada ya miaka 20 hawatafanana hata kidogo. Kasoro ya mfuko ni kwamba kiwango hakijaandikwa popote kama kuponi ilivyoandikwa, mwaka huu hivi na mwakani vingine.

Kuhusu tiki kwenye fomu naongea kwa uchungu. Kabla ya mfuko niliwahi kuweka milioni 5 kwenye akaunti ya muda maalum benki fulani, asilimia 8, ukitoa kodi ya asilimia 10 ya riba inabaki 7.2. Kwenye fomu kulikuwa na sehemu wanauliza muda ukiisha tufanyeje, turudishe kazini mtaji peke yake au mtaji pamoja na riba. Dada wa dirishani alikuwa na foleni, mimi nilikuwa na haraka, tukaweka tiki kwenye mtaji peke yake. Mwaka wa kwanza nikapata 360,000. Wa pili 360,000. Wa tatu meseji ikaja tena, 360,000, nikaitazama ile namba kama dakika nzima. Ingekuwa riba inajumlishwa, mwaka wa pili ilitakiwa iwe 385,920 na wa tatu 413,706. Zile laki tatu na sitini zangu zilikuwa zinamwagika kwenye akaunti ya kawaida na huko zilikuwa zinaliwa na vocha, michango ya harusi na makato, sikumbuki hata moja ilinunua nini. Kwa hiyo kama unataka kujua hela yako inazaa juu ya riba au la, usimuulize mtu wa benki, fungua taarifa yako linganisha riba ya mwaka wa pili na wa kwanza. Kama viwango havijabadilika na namba ni ile ile, basi haizai.

Na wenzangu wa Kiislamu msinirushie mawe kwa neno riba, hesabu hii haijui dini. Faida ya biashara au ya uwekezaji wa kisharia ukiirudisha kwenye mtaji inajidabo kwa njia hiyo hiyo.

Kitu kinachobomoa upande wangu haraka ni kuchomoa katikati. Tuseme mwaka wa 8 nina milioni 12 na laki 3 na ushee, nachukua 4 tu nanunua kigari. Naona kabisa nimebakiza 8 na ushee, sio mbaya. Ila zile milioni 4 zilikuwa na miaka 12 mbele yake, dabo mbili, zingefika milioni 15 na laki 5 na ushee. Mwaka wa 20 ningekuwa na 32 badala ya 48. Gari la milioni 4 nimelinunua kwa milioni 15 na nusu, na kufika huo mwaka nina uhakika litakuwa juu ya matofali nyuma ya gereji. Ndio maana mtu ambaye hana akiba ya dharura pembeni mimi simshauri ajisifu na mpango wa kuacha izae, maana mtoto akilazwa usiku hatachagua, atachomoa tu.

Upande wa shemeji unabomolewa na kitu kingine kinachoenda kimya kimya, bei ya vitu. Chukulia bei zinapanda asilimia 4 kwa mwaka. Laki 6 yake ya mwaka wa 20 itanunua vitu vya kama 274,000 ya leo. Milioni 5 atakayorudishiwa itanunua vitu vya milioni 2 na laki 3 hivi. Kuponi haijapungua hata senti ila kapu la sokoni limepungua zaidi ya nusu. Mimi pia napigwa, 48 yangu itakuwa na nguvu ya kama milioni 22 za leo, tusidanganyane kwamba ni 48 kweli. Lakini 22 bado ni mara nne na zaidi ya nilichoweka.

Kwa hiyo ukiniuliza nani achague nini, mtu anayeishi kwa hiyo hela achukue kuponi, mstaafu, mjane, mama mkwe wangu, hao miaka 20 ya kusubiri dabo ya tatu haiwasaidii kununua dawa kesho, na bondi kwao ni tamu kuliko mfuko kwa sababu wanajua tarehe na kiasi. Mwenye mshahara au biashara inayomlisha aache ijumlishwe, na kama hataweza kuiacha angalau miaka 10 basi asitegemee kuona huo mpando, faida atapata ila itakuwa ya kawaida karibu na ya shemeji. Aliye katikati, mwenye bondi tayari na hana shida na kuponi, asiiuze. Aweke tu kila kuponi kwenye mfuko siku inapoingia mpaka itimie milioni ya kurudi mnadani, kuliko kuiacha kwenye akaunti ya kawaida.

Hili la mwisho nilimwambia shemeji mwezi uliopita na karatasi ya Excel mkononi. Akaiangalia, akaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwaka wa 20, akauliza hiyo 5,167,657 ni salio au ni riba. Nikamwambia riba. Ya miaka yote? Ya mwaka mmoja. Akakunja karatasi akaweka mfuko wa shati, akasema kuponi ya Novemba ana ahadi nayo, tuongee ya Mei.